Daftari Tatu za Mwenye Mabasi Madogo: Mafuta, Mshahara wa Dereva na Matengenezo



Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu humfaa kila mwenye mali, lakini humfaa zaidi mwenye gari la abiria, kwa sababu mali yake huondoka alfajiri na kurudi usiku, na yeye hajui ilichofanya mchana kutwa.

Wengi wetu viwandani na katika mashamba ya chai, tukikaribia kustaafu au tukiweka akiba pamoja na ndugu zetu, jambo la kwanza tunalofikiria ni kununua Hiace ya viti 18. Kigali magari haya yamejulikana kwa jina la Kinyarwanda la twegerane, yaani tusogeleane. Katikati ya mji mabasi makubwa yalichukua njia nyingi kuanzia mwaka 2013, mji ulipogawanywa kanda na kila kanda kupewa mwendeshaji wake. Hata hivyo basi dogo bado lina kazi pembezoni mwa mji na katika barabara zinazotoka kituo cha Nyabugogo kwenda mikoani.

Makala haya ni kwa ajili ya mwenye magari mawili matatu. Ni kwa ajili ya dereva wake pia, maana daftari likikosekana dereva ndiye huitwa mwizi kwanza. Tutachukua mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kampuni ndogo ya familia yenye Hiace tatu za dizeli, kila moja ikienda kilomita 200 kwa siku, siku sita kwa juma. Bei na mapato tunayotaja katika mfano ni ya kufanyia hesabu tu. Bei ya mafuta Rwanda hupangwa na RURA nayo hubadilika, kwa hiyo msomaji aweke bei ya siku yake.

KILOMITA NDIYO SHINA

Watu wengi huandika fedha tu: leo zimeingia kiasi hiki, zimetoka kiasi hiki. Hesabu ya namna hiyo inaeleza ulichotumia bila kueleza kama matumizi yalikuwa halali. Faranga 36,000 za mafuta ni nyingi au ni chache? Hakuna awezaye kujibu mpaka ajue gari limekwenda umbali gani.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuandika namba ya mita ya kilomita asubuhi gari linapotoka na jioni linaporudi. Namba hiyo moja ndiyo itakayofunga daftari zote tatu. Aandike dereva mwenyewe, na mwenye gari aitazame na kutia saini. Mita ikiwa imekufa, itengenezwe kabla ya kitu kingine chochote. Na kama una shaka nayo, ipime kwa nguzo za kilomita zilizoko kando ya barabara kuu: nguzo kumi zikipita, mita nayo iwe imesogea kumi.

DAFTARI LA MAFUTA

Kosa la kawaida ni kununua mafuta ya faranga 10,000 hapa na ya 15,000 pale, halafu kujaribu kujua gari linakula kiasi gani. Haiwezekani, kwa sababu hujui ndani ya tangi mlikuwa na kiasi gani ulipoanza.

Njia sahihi ni ya tangi hadi tangi. Siku moja katika juma, tuseme Jumamosi jioni, jaza tangi mpaka juu na uandike kilomita. Katikati ya juma nunua mafuta upendavyo, ila andika lita zote. Jumamosi inayofuata jaza tena mpaka juu, pampu ile ile ikiwezekana. Jumlisha lita zote ulizotia baada ya ile Jumamosi ya kwanza, pamoja na hizi za kujaza leo. Gawanya kilomita za juma kwa lita hizo. Jibu ni kilomita ambazo gari linakwenda kwa lita moja.

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, gari, jina la dereva, kilomita, lita, fedha na namba ya risiti. Hayo yanatosha.

Sasa tazameni gari letu la pili katika mwezi mmoja:

Juma la 1: kilomita 1,200, lita 120, sawa na kilomita 10 kwa lita.
Juma la 2: kilomita 1,190, lita 122, sawa na 9.8.
Juma la 3: kilomita 1,210, lita 136, sawa na 8.9.
Juma la 4: kilomita 1,200, lita 150, sawa na 8.

Katika juma la nne zimepotea lita 30 kuliko juma la kwanza. Kwa bei ya mfano ya faranga 1,800 kwa lita, ni faranga 54,000 kwa juma moja. Hapa ndipo wenye magari wengi humwita dereva na kumwambia achukue vitu vyake aende. Dereva hana la kujibu, maana lita zimeandikwa na kilomita zimeandikwa.

Ndugu zangu, namba hizi zinaonyesha kwamba mafuta yanakwenda. Hazionyeshi yanakokwenda. Ili kujua, wabadilisheni madereva kwa juma moja bila ya ugomvi. Dereva wa gari la pili apewe gari la tatu, na wa tatu apewe la pili, njia ikiwa ile ile na abiria wale wale. Hasara ikimfuata mtu, mwulizeni mtu. Hasara ikibaki na gari, liulizeni gari.

Katika mfano wetu, juma la tano gari la pili likiwa na dereva mwingine limekwenda kilomita 1,205 kwa lita 151. Ni zile zile 8 kwa lita. Dereva aliyeshukiwa, akiwa na gari la tatu, amekwenda kilomita 1,195 kwa lita 119, yaani 10. Basi yeye hana kosa. Gari limepelekwa gereji, limeinuliwa kwa jeki, na gurudumu la mbele la kushoto limekataa kuzunguka kwa mkono. Kalipa ya breki imekwama, pedi zinashika muda wote, na injini inalivuta gari lililofungwa breki nusu. Dereva makini huitambua dalili hiyo mapema, maana gurudumu hilo huwa la moto kuliko la upande wa pili hata katika barabara tambarare.

Sababu nyingine zinazofanana na hiyo ni tairi zenye upepo mdogo, chujio la hewa lililojaa vumbi, na nozeli mbovu. Hizi mbili za mwisho hujionyesha kwa moshi mweusi gari linapopanda mlima. Mara nyingi ubovu wa gari hushusha namba kidogo kidogo, juma baada ya juma, na wizi huishusha ghafla na kuirudisha. Lakini hiyo ni dalili tu. Kipimo chenyewe ni kubadilisha madereva.

Upo pia mlango wa tatu, nao ni kituo cha mafuta. Magari yote matatu yakishuka pamoja katika juma moja, usimtazame dereva yeyote. Chukua dumu la lita 20 unalolijua kipimo chake, nunua lita 20 katika pampu ile, na utazame zinafika wapi.

DAFTARI LA MSHAHARA WA DEREVA

Wenye magari wengi humpa dereva gari kwa hesabu ya siku. Dereva ananunua mafuta mwenyewe, jioni analeta kiasi walichopatana, tuseme faranga 30,000, na kinachobaki ni chake. Siku mbaya anarudi mikono mitupu. Mwenye gari huona ni rahisi, kwa kuwa haandiki kitu. Lakini tazameni mpango huo unavyoharibu daftari zote.

Kwanza, risiti za mafuta zinabaki mfukoni mwa dereva au zinatupwa, na kampuni haiwezi kuonyesha kwamba ilitumia mafuta. Pili, mwenye gari anaandika mapato ya 30,000, ilhali nauli iliyokusanywa ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Abiria akilipa kwa kadi au kwa simu, nauli hiyo imeandikwa mahali fulani, na siku ya ukaguzi tofauti itatakiwa kuelezwa. Tatu, dereva si mwajiriwa katika karatasi yoyote. Akivunjika mguu barabarani, hakuna aliyemchangia bima ya ajali kazini. Akizeeka, miaka yake ishirini ya kushika usukani haionekani katika mfuko wa pensheni.

Mwenye gari aliye mwangalifu huweka mshahara. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, hairuhusu mkataba wa mdomo upite siku 90 mfululizo. Kwa hiyo dereva wa kudumu ana haki ya mkataba wa maandishi.

Tuseme dereva wetu anapata faranga 180,000 kwa mwezi. Kodi ya mshahara huhesabiwa kwa mafungu. Faranga 60,000 za kwanza hazitozwi. Zinazofuata, kutoka 60,000 hadi 100,000, hutozwa asilimia 10, yaani 4,000. Kutoka 100,000 hadi 200,000 ni asilimia 20, na hapa zipo 80,000, yaani 16,000. Jumla ya kodi ni faranga 20,000. Kinachozidi 200,000 kingetozwa asilimia 30.

Halafu kuna michango ya RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii. Kiwango cha pensheni kilichoanza Januari 2025 ni asilimia 12, nusu ya mwajiri na nusu ya mfanyakazi, na ratiba iliyowekwa ni kukiongeza kwa hatua kuanzia mwaka 2027 hadi kifikie asilimia 20 mwaka 2030. Dereva wetu anakatwa 10,800 na mwajiri anatoa 10,800 nyingine. Mwajiri peke yake anaongeza asilimia 2 kwa ajili ya ajali kazini, yaani 3,600. Kuna pia mchango wa likizo ya uzazi, asilimia 0.3 kwa kila upande, yaani 540. Mwisho dereva anakatwa asilimia 0.5 ya kilichobaki kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Atapeleka nyumbani karibu faranga 148,000, na mwajiri atakuwa ametumia karibu 195,000.

Haya yote huandikwa katika ukurasa mmoja kwa mwezi: jina, siku alizofanya kazi, mshahara, kila kilichokatwa, kilichobaki, saini. Ukitaka dereva awe na moyo wa kuleta abiria zaidi, mpe nyongeza kwa safari zilizozidi idadi mliyopatana. Lakini nyongeza hiyo ni mshahara. Iandikwe ukurasa ule ule na ikatwe kodi ile ile.

Dereva asikubali kuambiwa kwa maneno tu kwamba anachangiwa. Aende ofisi ya RSSB na kitambulisho chake, aulize michango iliyopokelewa kwa jina lake. Mwajiri akimkata 10,800 na jina halionekani, fedha hiyo imebaki mfukoni mwa mwajiri, na hapo ndipo mahali pa kuleta shauri kwa chama.

DAFTARI LA MATENGENEZO

Kila gari liwe na kurasa zake. Andika tarehe, kilomita, ubovu ulioonekana, spea iliyowekwa, bei yake, namba ya risiti, na malipo ya fundi. Kile kilichotolewa, kama pedi au diski ya klachi, fundi akirudishe kwa mwenye gari. Spea ya zamani iliyo mkononi ndiyo shahidi kwamba mpya imewekwa.

Hapa tena kilomita zinafanya kazi. Pedi za breki za gari la kwanza zimedumu kilomita 20,000. Za gari la tatu, katika njia ile ile, zimebadilishwa baada ya kilomita 7,000. Ama spea ilikuwa bandia, ama dereva anashuka milima kwa kukanyaga breki bila kuingiza gia nzito, ama fundi anauza pedi ambazo hazijaisha. Aliyeandika tarehe bila kilomita hataona lolote katika hayo.

Jambo linalowaumiza wengi ni risiti. Rwanda ilianza kutumia mashine za risiti za EBM mwaka 2013, na RRA, mamlaka ya mapato, hutaka gharama zithibitishwe kwa risiti za mashine hizo. Unaponunua mafuta au spea, taja namba ya mlipa kodi ya kampuni, yaani TIN, ili ionekane juu ya risiti. Risiti isiyo na TIN yako inaonyesha kwamba mtu fulani alinunua tairi. Haionyeshi kwamba ni wewe.

Fundi wa pembeni mwa barabara mara nyingi hana mashine. Basi spea ninunue mwenyewe dukani kwa risiti, na fundi nimlipe kazi ya mikono tu. Malipo ya fundi asiye na risiti yaandikwe na yeye atie saini, ila mwenye gari ajue kwamba RRA inaweza kuyakataa. Kazi kubwa, kama ya kufungua injini, ipelekwe gereji yenye EBM hata kama ni ghali kidogo. Na injini nzima ikibadilishwa, gharama yake huongezwa katika thamani ya gari na kupunguzwa mwaka hata mwaka pamoja na uchakavu. Haimalizwi yote mwaka ule ule kama pedi au mafuta ya injini.

Kuna swali huulizwa sana kuhusu kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Usafirishaji wa abiria wenye leseni, kwa gari la viti 14 au zaidi, umesamehewa kodi hiyo. Nauli yako haina VAT. Lakini kwa sababu hiyo hiyo huwezi kudai urudishiwe VAT uliyolipa dukani. Spea ya faranga 100,000 ikiongezwa asilimia 18 inakuwa 118,000, na wewe andika 118,000 zote kuwa gharama.

Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa karatasi inayofifia juani. Kila mwisho wa mwezi zibandike kwa tarehe na uzitolee nakala, kisha zihifadhi miaka 10. Mkaguzi anaweza kuuliza ya zamani.

MWISHO WA MWAKA

Sasa tukusanye. Magari yetu matatu yanaingiza faranga 80,000 kila moja kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni karibu milioni 75. Biashara ikipita milioni 20 kwa mwaka haiwezi tena kulipa kodi ya mkupuo ya biashara ndogo. Inatakiwa kutoa hesabu kamili na kutozwa kwa faida, na kampuni hutozwa asilimia 28. Gari moja tu la mfano wetu lingevuka kiwango hicho.

Tutoe gharama. Mafuta karibu milioni 34. Madereva 7. Matengenezo 9. Bima, ukaguzi wa gari wa kila miezi sita, na ada za leseni na chama cha ushirika 5. Zinabaki milioni 20. Kisha sheria inaruhusu kutoa uchakavu wa magari, asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Magari yalinunuliwa kwa milioni 45, kwa hiyo mwaka wa kwanza ni karibu milioni 11. Faida inayotozwa kodi ni milioni 9, na kodi yake ni faranga 2,520,000.

Sasa tuseme risiti za matengenezo zimepotea zote. Magari yalitengenezwa kweli, milioni 9 zilitoka kweli, lakini hakuna cha kuonyesha. Faida katika karatasi inakuwa milioni 18, na kodi inakuwa 5,040,000. Imeongezeka mara mbili, na fedha ya kuilipa haipo, kwa sababu ilikwisha kwa fundi. Kila faranga 100 uliyotumia bila kuithibitisha unailipia 28 nyingine.

Na hapo ndipo tunaporudi kwa dereva. Kampuni ikipigwa kodi ya namna hiyo, mwenye gari hutafuta pa kuipunguzia, na mahali pa karibu ni mshahara. Michango ya RSSB huachwa kwanza, kisha mkataba, kisha watu hurudi kwenye hesabu ya siku.

Hesabu ya kampuni ya mwaka uliopita hupelekwa RRA kabla ya tarehe 31 Machi. Lakini kazi yenyewe hufanywa kila jioni gari linapoegeshwa: kilomita, lita, risiti, saini. Ndugu mwenye kufikiria kununua gari na anunue daftari tatu kabla ya gari, na aweke ukurasa wa kwanza wa kilomita siku ile ile atakayopewa funguo. Ndugu dereva, usiposhika wewe kalamu, siku lita 30 zitakapopotea huna shahidi.